Paketi imeandikwa "halali" tu, haisemi nani kathibitisha. Nyie wa Uingereza mnafanyaje?

#1 Binti_Ngamiani

Assalamu alaykum wadau. Nimetokea Tanga, nina miezi miwili hapa Coventry nasoma. Nyumba tunakaa wasichana wanne, mmoja ni Mhindi Muislamu, mzaliwa wa Bolton.

Juzi nimenunua kuku wa friza dukani, mapaja, paketi ya kilo 2. Mbele pameandikwa halali kwa Kiarabu na Kiingereza, na hilali ya kijani pembeni. Nikamkaribisha yule wa Bolton, akaigeuza paketi mara mbili akaniambia, "Hii mimi sili, haina HMC." Siku ya pili nikaenda supamaketi nikarudi na kuku mwenye alama ya HFA. Akatikisa kichwa tena. Hakunisema vibaya, kakaanga mayai yake akala.

Sasa naona nimepotea. Nyumbani Ngamiani nyama ya bucha hatuulizi, muuzaji tunamjua na aliyechinja tunamjua. Huku kila paketi ina alama yake. Tofauti yake nini? Na hii isiyo na jina la mtu yeyote niifanyeje? Bado ipo kwenye friza, nimepika nusu.

#2 Mtu_wa_Handeni

Waalaykum salaam dada. Usijitese. Kuna hadithi ya Bi Aisha, watu walimuuliza Mtume kuhusu nyama waliyoletewa hawajui kama ilisomewa bismillahi. Akawaambia wasome wao wale. Umeona imeandikwa halali, soma bismillahi ule. Hao kina HMC na HFA ni biashara tu, wote wanalipwa.

#3 Kibonge_wa_Ruwi

Huku Maskati hatuna shida hiyo kabisa. Nyama karibu yote ni halali, hata kuku wa Brazili anaingia na cheti. Njooni Oman.

Lakini dada kama unataka nyama ya nyumbani kweli, mwambie mtu anayesafiri akubebee nyama kavu kutoka Unguja, iwekwe kwenye mfuko usiopitisha hewa. Mimi huletewa pweza mkavu kila Ramadhani.

#4 Mama_Evington

Kibonge, hajauliza jinsi ya kusafirisha nyama. Na usimpoteze mtoto wa watu. Nyama na vitu vya maziwa kutoka Tanzania haviruhusiwi kuingia huku kwenye mizigo ya abiria, hata iwe kavu kama ubao. Samli ya bibi yangu ilitupwa uwanja wa ndege mbele ya macho yangu.

Binti, karibu. Mimi niko Leicester mwaka wa kumi na tisa huu. Jambo la kwanza ulijue: nchi hii haina sheria inayosema halali ni nini hasa. Serikali haitoi cheti cha halali. Mwenye duka akitaka kuandika halali mlangoni anaandika, na mwenye kiwanda hivyo hivyo. Ndiyo maana rafiki yako wa Bolton aligeuza paketi nyuma. Alikuwa anatafuta nani kaweka jina lake hapo.

HFA na HMC ni mashirika ya huku ya kuthibitisha halali. HFA ilianza mwaka 1994. HMC ilianza 2003, na makao yao yako hapa hapa Leicester. Ugomvi wao mkubwa ni mmoja: kupigwa shoti mnyama kabla ya kuchinjwa. HFA wanakubali shoti isiyoua. HMC hawataki shoti ya aina yoyote, na hawataki kisu cha mashine. Mengine atayasema mtu aliyefanya kazi huko, najua yumo humu.

#5 Mjomba_Ujiji

Mama Evington umenichokoza.

Nimefanya kazi machinjio ya kuku miaka tisa hapa katikati ya Uingereza, sehemu ya kwanza kiwanda cha shoti, baadaye kisicho na shoti. Nitaeleza nilichokiona, hukumu nawaachia masheikh.

Kiwanda cha shoti kinakuwa hivi. Kuku wananing'inizwa miguu juu kwenye mnyororo unaotembea. Mnyororo unawapitisha kwenye hodhi la maji yenye umeme, kichwa kinazama, kuku anakakamaa, anatoka amelegea. Hatua chache mbele yuko mchinjaji na kisu. Ukimtoa kuku pale kabla ya kisu ukamlaza chini, shoti ikiwa imepimwa vizuri, baada ya muda mfupi anapepesa macho, anainua shingo, anasimama kama mlevi. Tulikuwa tunafanya jaribio hilo mbele ya wakaguzi. Ndiyo hoja ya wanaokubali: kisu kilimkuta hai.

Hoja ya wanaokataa nayo nimeiona. Siyo kuku wote wana uzito mmoja. Umeme ni ule ule, lakini mdogo unamwingia vingine na mkubwa vingine. Na siyo nguvu ya umeme peke yake, kuna na mapigo yake. Umeme wa mapigo 50 kwa sekunde, kama huu wa ukutani, moyo wa kuku husimama mara nyingi. Ukipandisha mapigo, moyo unaendelea kudunda. Sasa mstari unakimbia, wewe umesimama na kisu, huwezi kumshika kila mmoja ukamsikiliza moyo. Kwa hiyo anayesema "nataka wasiopigwa shoti kabisa" hababaiki, ana sababu yake. Na anayesema "shoti iliyopimwa haiui" naye hasemi uongo.

Kumjibu Mtu wa Handeni: hadithi unayoitaja watu wanaifahamu, lakini swali la pale lilikuwa bismillahi. Hapa swali ni kama kisu kilimkuta hai. Ni maswali mawili.

#6 Mtu_wa_Handeni

Sawa mjomba, nimekuelewa hapo. Lakini bado kuna chakula cha Ahlul Kitabu. Nchi hii ni ya Wakristo, kuku wao wa kawaida wa supamaketi kwa nini tusile? Wapo masheikh wanaoruhusu.

#7 Mjomba_Ujiji

Wapo, na siwapingi. Ila fuata kuku mwenyewe alikopita. Kuku wengi wa kawaida wa supamaketi za huku sasa hivi hawapiti kwenye maji ya umeme. Wanaingizwa kwenye gesi wakiwa ndani ya makreti yao, na gesi ile haiwalazi wakaamka. Wanafia mle. Kisu kinakuja baadaye kutoa damu tu. Hata ukiiacha dini ya mchinjaji, mnyama alishakufa. Kwa ng'ombe ni bunduki ya chuma inayoingia kwenye ubongo, haina kuamka. Kwa kondoo mara nyingi ni koleo la umeme kichwani, na kondoo huyo asipochinjwa huamka.

Masheikh wanaoruhusu ukiwaeleza habari ya gesi, wengine hubadilisha jibu. Wengine hawabadilishi. Nimeshuhudia yote mawili msikiti mmoja.

#8 Dokta_Lebo

Mbona mnazunguka? Njia rahisi hii hapa. Kwanza angalia namba za mistari ya bei: ikianza na 50 bidhaa imetengenezwa Uingereza, kwa hiyo iko salama zaidi. Pili, ukiona E471 popote, weka chini, ni mafuta ya nguruwe. Nimesambaza orodha nzima kwenye kundi letu la wasap, namba zote za E za nguruwe.

#9 Mama_Evington

Hiyo orodha imenifikia mara sita, kila mara imeongezwa namba mbili.

E471 ni mafuta yaliyovunjwavunjwa ili maji na mafuta vishikane. Yanaweza kutoka mawese, soya, ng'ombe au nguruwe. Namba haisemi. Ukiitupa kila mahali utaacha nusu ya mikate ya duka. Kinachonisaidia mimi ni ile alama ya V, ya wasiokula nyama. Ikiwepo, E471 yake haikutoka kwa mnyama aliyechinjwa, basi nalala. Jelatini nayo huku haijifichi kwenye namba, inaandikwa kwa jina, na mara nyingi wanataja ni ya nguruwe au ya ng'ombe. Pipi za Haribo, kwa mfano, ziko za kawaida na ziko za halali zinazotoka Uturuki zenye jelatini ya ng'ombe. Paketi zinafanana, wanangu walishanichezea hapo.

Ila alama ya V haina habari na pombe. Keki ya V inaweza kuwa na vanila iliyotolewa kwa pombe, mchuzi wa V unaweza kuwa na mvinyo ndani. Hapo unasoma viungo mwenyewe.

#10 Mjomba_Ujiji

Na hiyo 50, Dokta, inaonyesha kampuni ilichukua namba zake Uingereza. Mzigo unaweza kuwa umetoka Poland au Tailandi. Ukitaka kujua nyama ilishikwa wapi, tafuta kiduara cha yai kwenye paketi, kidogo, mara nyingi kimefichwa karibu na tarehe. Ndani yake mna herufi za nchi na namba ya kiwanda.

Binti, hebu igeuze hiyo paketi yako utuandikie kila kitu kilichoko nyuma. Usitafsiri, tuandikie tu kilichopo.

#11 Mwana_Kuze

Salamu kutoka Mombasa mjini kwa asili, sasa niko Luton. Mie sina neno na kuku, bucha ninalo nyuma ya nyumba. Langu ni Royco. Mke wangu hapiki mchuzi bila Royco, na huku twaipata kwa duka la Wakenya. Ile ya ladha ya ng'ombe, huyo ng'ombe alichinjwa na nani? Nimeuliza msikitini, wamecheka.

#12 Juma_Kaskazini

Mwana Kuze swali lako siyo la kuchekwa. Soma viungo kwanza. Vitu vingi vya "ladha ya ng'ombe" havina ng'ombe, ni chumvi, wanga, dawa ya kukolezea na viungo vya harufu. Ikitajwa nyama yenyewe, au mafuta ya ng'ombe, hapo ndipo utafute alama ya halali kwenye paketi hiyo hiyo. Na kidonge cha supu chenye jina moja kinaweza kutengenezwa nchi tatu tofauti kwa viungo tofauti, kwa hiyo jibu la mtu wa Nairobi halitoshi. Soma uliyoishika mkononi.

#13 Mwana_Kuze

Yasema tu "viungo vya ladha". Haisemi ni vya nini.

#14 Juma_Kaskazini

Basi lebo imefika mwisho wake. Sheria ya huku haiwalazimishi kueleza ladha hiyo iliyeyushiwa kwenye nini. Waandikie wenyewe.

#15 Binti_Ngamiani

Mjomba nimeigeuza. Nyuma pana haya:

Viungo: kuku, maji, chumvi. Kuku ni asilimia 80. Kiduara cha yai kipo, kidogo mno, nimetumia tochi ya simu: juu NL, katikati namba, chini EG. Jina la kampuni iliyoagiza, ya hapa Uingereza. Tarehe ya mwisho. Namba ya mzigo. Basi. Hakuna jina la shirika la halali, na hakuna nchi alikochinjwa. Ile ya supamaketi yenye HFA inasema wazi kafugwa wapi na kachinjwa wapi. Kwa nini hii haisemi?

#16 Mjomba_Ujiji

Umeuliza pale pale penyewe.

Kuku mbichi asiyeongezwa kitu, awe wa baridi au wa friza, lebo yake hulazimika kutaja nchi alikofugwa na nchi alikochinjwa. Sheria hiyo ilianza Aprili 2015, na Uingereza waliibakiza baada ya kutoka Umoja wa Ulaya. Lakini kuku akishaongezwa maji na chumvi, kisheria hahesabiwi tena nyama mbichi ya kawaida, anaitwa nyama iliyoandaliwa. Hapo hawalazimiki. Wako ana asilimia 80, maana yake katika hizo kilo 2 zako kama gramu 400 ni maji na chumvi. Umelipia maji, na yale maji yamekufutia na nchi ya machinjio. Ukiona paketi yenye maji, jua lebo itasema machache.

NL ni Uholanzi. EG ni kama wanavyoandika wao kifupi cha Ulaya. Lakini usiseme kachinjwa Uholanzi. Kiduara kinamtaja aliyeishika nyama mwisho, yaani aliyekata au kupaki. Anaweza kuwa alipokea mizoga kwenye lori kutoka nchi nyingine.

Fanya hivi. Iandikie kampuni iliyoagiza, siyo duka. Muuzaji hajui chochote, atakuapia tu. Wape namba ya mzigo, tarehe ya mwisho na namba ya kiduara. Waulize mambo matatu: nani kathibitisha halali ya mzigo huu, kuku kachinjwa kiwanda gani na kwa mkono au kwa mashine, na kama alipigwa shoti. Waombe nakala ya cheti. Usiulize "je ni halali kweli?" Jibu la swali hilo ni ndiyo, siku zote.

#17 Mama_Evington

Wakati unasubiri jibu, panda basi uende Foleshill Road, hapo hapo Coventry. Mabucha yako, maduka ya Kihindi yako. Ukiingia bucha linalosema HMC usiridhike na stika ya dirishani, stika hukaa hata baada ya mwenyewe kuondolewa. Tazama cheti ukutani: jina la duka liwe hilo hilo, anwani iwe hiyo hiyo, tarehe iwe haijapita. Halafu ingia tovuti yao uone duka limo. Wakiliondoa duka hutangaza. Na uangalie nyama yenyewe, mzoga na boksi huja na lebo zao. Mimi humwambia muuzaji, "Mwanangu nionyeshe boksi la hiki kidari." Mkweli anakuonyesha huku anapiga stori. Yuko mmoja alikasirika, nikaaga.

Na ukiwa huko, friza za Wahindi zina mihogo iliyomenywa, pameandikwa "mogo". Usishangae, ni mhogo wetu huo. Wahindi waliotoka Uganda, Kenya na kwetu walikuja na neno. Wengi wa hapa Leicester waliingia mwaka 1972 walipofukuzwa na Amin. Tui la kopo lipo, nazi iliyokunwa ya friza ipo, na ndiyo tamu zaidi kwa wali. Unga wa sembe tafuta maduka ya Waafrika wa kusini, mweupe kabisa, ule wa njano wa Wahindi utakutia simanzi.

#18 Juma_Kaskazini

Nyie wa katikati mnaringa na Foleshill zenu. Mimi niko mji mdogo Skotlandi, bucha la karibu ni saa mbili na nusu kwa treni. Tunaagiza boksi kutoka Birmingham, watu watano tunachanga. Linakuja kesho yake, limefungwa na sufu na vifuko vya barafu.

Mwaka jana boksi lilichelewa siku nzima ghalani. Barafu zimeyeyuka, nyama ina jasho. Nikatia kipimajoto cha jikoni katikati ya paketi ya kondoo, kikasoma 11. Tukatupa yote, kilo 14. Wenzangu wawili walitaka tupike siku ile ile, tukagombana. Muuzaji alirudisha pesa baada ya kuona picha ya kipimajoto, kwa hiyo pigeni picha kabla ya kutoa kitu. Na tusiagize Alhamisi, ikichelewa inalala wikiendi.

Swali langu: kondoo wa Nyuzilandi wa supamaketi. Nimesikia wote ni halali ila hawaandiki.

#19 Mjomba_Ujiji

Nusu ya habari hiyo ni kweli. Machinjio mengi ya kondoo kule Nyuzilandi yana wachinjaji Waislamu kwa sababu wanauza sana nchi za Kiislamu, na yako mashirika ya kule yanayothibitisha, FIANZ ni mojawapo. Na kule machinjio ya biashara lazima shoti, na kwa halali huwa ya kichwani, ile ya kuamka. Kwa hiyo kama msimamo wako ni wa HMC, umeshatoka.

Kama unakubali shoti, tatizo ni hili: paketi haisemi. Nyama imekatwa na kupakiwa upya, na meza iliyomkata inaweza kuwa ilikata nguruwe asubuhi. "Wengi" siyo paketi hii uliyoishika.

#20 Mtu_wa_Handeni

Mimi kondoo huyo namla miaka minne. Nimesoma maelezo yako na nitaendelea kumla. Dini haikukusudia tuishi na kipimajoto na tochi.

#21 Juma_Kaskazini

Kipimajoto ni cha kuharisha, siyo cha dini.

#22 Dokta_Lebo

Jibini hamjaitaja. Jibini yote ya huku ni haramu, inagandishwa kwa tumbo la ndama.

#23 Mama_Evington

Siyo yote. Nyingi ya supamaketi inagandishwa kwa kitu kisichotoka kwa mnyama, ndiyo maana ina alama ya V. Ile ngumu ya Italia inayokunwa, Pamijano, hiyo lazima tumbo la ndama kwa kanuni za kwao, huwezi kukuta ya kweli yenye V. Na wapo wanazuoni wanaoiruhusu hata hiyo. Dokta, wewe una mkono mwepesi na neno "yote".

#24 Binti_Ngamiani

Nimerudi, zimepita siku kumi na mbili. Kampuni imejibu, heshima zao.

Wametuma cheti cha kurasa mbili. Kimetolewa na shirika la halali la Ulaya bara ambalo sijawahi kulisikia. Shoti: ndiyo, ya maji. Kisu: kwa mkono. Tarehe ya cheti bado haijapita. Nilifurahi, nikamwonyesha yule wa Bolton, akaniuliza kitu kimoja, "Namba ya kiwanda ni hiyo hiyo ya kwenye paketi?" Siyo. Cheti kina kiwanda cha Poland, herufi PL. Paketi ni NL.

Mjomba, wamenidanganya?

#25 Mjomba_Ujiji

Rafiki yako huyo angefaa kazi ya ukaguzi.

Si lazima uwe uongo. Inawezekana Poland ndiko walikochinja, Uholanzi ndiko walikokata, kuingiza maji na kupaki. Hiyo ni kawaida kabisa. Lakini cheti ulicholetewa kinaishia mlangoni kwa Mpolandi. Kuanzia hapo mpaka kwenye paketi yako hakuna karatasi. Kiwanda cha Uholanzi nacho kinatakiwa kiwe na cheti chake cha kukata na kupaki, na pawe na hati inayosema mzigo wa namba fulani umetoka kwa Mpolandi tarehe fulani. Ukienda kwao na namba ya mzigo, wenye mpangilio wanaitoa siku hiyo hiyo. Sisi kiwandani tulikuwa tunapewa muda wa saa nne kuitoa kwenye majaribio, kutoka paketi mpaka banda alikolelewa kuku.

Waandikie tena. Waombe cheti cha NL.

#26 Mwana_Kuze

Nami wa Royco wamenijibu! Wasema ladha haina nyama, na waliyeyushia kwa mafuta ya mimea. Mke wangu kasema yeye alijua tangu kitambo. Hakujua.

#27 Binti_Ngamiani

Niliandika tena Jumatatu iliyopita. Walijibu kwamba wamenipeleka kwa "timu ya ubora". Nikakumbusha Alhamisi. Kimya mpaka leo.

Kwa sasa nanunua Foleshill Road. Kuku mzima, namkata mwenyewe, mifupa natia supu. Cheti cha ukutani nilikisoma mpaka muuzaji akaniuliza kama natoka halmashauri. Kile cha HFA nakila nikiwa peke yangu, nimeridhika na maelezo ya mjomba kuhusu kuku anayeamka. Tukipika pamoja tunatumia cha HMC ili wote tule sahani moja.

Mapaja yaliyobaki bado yako droo ya chini, nyuma ya mogo. Sijayala, sijayatupa. Ninasubiri timu ya ubora.

#28 Kibonge_wa_Ruwi

Umenitia wasiwasi Binti. Leo nimemgeuza kuku wangu wa Brazili kwa mara ya kwanza. Kuna herufi SIF na namba ndani ya duara. Hiyo ndiyo halali?

#29 Mjomba_Ujiji

Hiyo ni alama ya ukaguzi wa afya wa serikali ya Brazili, inakuonyesha kiwanda. Halali ni alama nyingine, mara nyingi pembeni yake. Tazama kama imeandikwa FAMBRAS au CDIAL, kisha uturudie.